Naomba mnikosoe barua hii kabla sijaituma kwa watengenezaji wa faundesheni: namba za ngozi nyeusi, na lebo isiyodanganya

Mpambaji wa Tabata

Habari zenu wakuu. Mimi ni mpambaji wa kujitegemea, sina saluni. Napigiwa simu, nabeba mkoba wangu, namfuata bibi harusi alipo. Huu ni mwaka wa 9. Kuna kampuni ambayo faundesheni yao naitumia kuliko zote, maana inahimili jasho la ukumbini, haipasuki kwenye mikunjo ya mdomo, na bei yake hata mteja wa kawaida anaimudu. Sitaitaja hapa. Shida yangu nao ni namba za mwisho. Nimewaandikia barua, lakini naogopa mtu wa kiwandani asije akakuta kosa mstari wa tatu akaiweka pembeni. Naibandika yote, msinionee haya.

"Kwa Mkuu wa Kitengo cha Bidhaa.

Natumia faundesheni yenu ya maji tangu ilipoingia sokoni na nina chupa za namba zote 14. Naandika kwa sababu naipenda na nataka niendelee kuinunua.

Namba 1 hadi 9 zinamhusu mtu mweupe mpaka maji ya kunde. Tofauti ya namba 4 na namba 5 ni ndogo kiasi kwamba lazima nisome chupa. Lakini kutoka 12 kwenda 13 ni kuruka mtaro, na baada ya 14 hakuna kitu. Katika maharusi 11 niliowapamba karibuni, 3 walikuwa weusi kuliko 14.

Mmoja wao nilimpamba Mbagala mwezi wa nane. Weusi wake ni wa mpingo, na akisimama mlangoni kwenye mwanga unaona chini yake wekundu wa mninga. Namba 13 na 14 zote zilimgeuza kijivu. Nikaanza kuchanganya: namba 14, tone la rangi nyekundu ya kurekebishia, na kahawia ya kampuni nyingine. Mchanganyiko wa kwanza ulikatika kama maziwa yaliyoganda, nikautupa. Wa pili ulikubali. Kazi ya dakika 10 ilichukua 40, na ndugu wa bwana harusi walishaanza kupiga simu. Jioni ukumbini matroni wake alitaka kumrekebisha, mchanganyiko wangu umeisha, akatumia namba 14 peke yake. Picha za kukata keki, uso na shingo ni watu wawili.

Jambo la pili ni lebo. Namba 12 imeandikwa Joto, 13 imeandikwa Kati, 14 imeandikwa Joto. Namba 14 haina joto lolote. Mteja anayenunua kwa kusoma chupa anadanganywa.

Naomba namba 3 zaidi baada ya 14, na naomba neno la rangi ya chini ya ngozi limaanishe kitu kilekile kuanzia namba 1 hadi ya mwisho."

Ndiyo hiyo. Naomba maoni.

Mama Zuwena

Mwanangu umesema kweli na Mungu akubariki. Hizi krimu za kujichubua zimetumaliza. Mimi nilipaka moja miaka ya nyuma, uso ukawa mweupe, vifundo vya vidole vikabaki vyeusi, mpaka leo mashavu yana madoa. Waambie waache kabisa, wengine wanaweka zebaki.

Mpambaji wa Tabata

Shikamoo mama. Pole sana kwa yaliyokukuta. Barua hii si ya krimu, ni ya faundesheni, ile ya kupaka juu ya ngozi na kunawa usiku. Lakini nimelipokea.

Mama Zuwena

Marahaba. Basi nimechanganya mambo. Ila nijibu hili: mtu kama mimi, uso una rangi yake na shingo ina yake, namba unachukua ya wapi?

Picha na Mwanga

Dada, mimi ni mpiga picha wa harusi na malalamiko ya uso wa kijivu nayapata mimi kabla yako. Kabla hujatuma, naomba unijibu maswali mawili. Huo ukijivu uliuona kwa macho, au uliuona kwenye picha? Na juu ya hiyo faundesheni ulipaka poda gani?

Nauliza kwa sababu kuna poda nyeupe laini sana, ile inayouzwa kwamba haina rangi. Kwenye chumba inaonekana imepotea. Nikiwasha flashi inarudisha mwanga wote, chini ya macho na kwenye pua panatoka majivu. Bibi harusi akilalamika, lawama inakwenda kwa faundesheni wakati ni poda. Ukimwandikia mtengenezaji "namba 13 inatoa kijivu" na wenyewe wakaipaka peke yake ikatoka vizuri, barua yako yote imekufa.

Kijana wa Rangi

Mimi nimesoma kozi ya miezi mitatu ya urembo, nikusaidie. Tatizo linaitwa kuoksidika. Ndani ya faundesheni kuna chuma, ikikutana na hewa inashika kutu na kubadilika rangi usoni. Waambie waongeze dawa ya kuzuia kutu. Pia wasitumie namba zao za kubuni, watumie skeli ya Fitzpatrick ambayo ni ya kisayansi na ina aina 6 za ngozi. Hapo hakuna wa kubishana.

Fundi wa Maabara

Niko Nairobi. Nimepima rangi kwenye mizani miaka 11, kwanza kiwanda cha rangi za nyumba, kisha vipodozi. Kijana wa Rangi ameshika mkia wa jambo, acha nimsaidie kulivuta.

Ni kweli ndani kuna chuma. Karibu kila faundesheni unayoijua, rangi yake inatoka kwenye unga wa aina nne: nyeupe ya titaniamu, na oksidi za chuma tatu, yaani njano, nyekundu na nyeusi. Lakini nyekundu na njano ni kutu tayari, zimeshamaliza kushika kutu kabla hazijaingia kwenye chupa. Giza unaloliona baada ya nusu saa linatoka kwingine. Sehemu ya maji yale mepesi, ambayo mara nyingi ni silikoni inayoruka hewani, inapotea, na mafuta ya uso yanalowesha chembe za rangi. Mwagia maji sakafu ya saruji uione inavyokoza rangi. Hakuna kilichoongezeka, imelowa tu. Kwa hiyo dawa ya kuzuia kutu haitasaidia. Kinachosaidia ni chembe zilizovikwa gamba zisinywe mafuta, na kiwanda kukagua rangi baada ya dakika 20 usoni badala ya kuikagua ikiwa bado mbichi.

Na Fitzpatrick muiache hapo ilipo. Daktari Thomas Fitzpatrick aliitengeneza mwaka 1975 ili kujua ngozi inaungua vipi juani, kwa ajili ya kupima dozi ya tiba ya mwanga. Mwanzoni ilihusu ngozi nyeupe tu. Aina ya 5 na ya 6 ziliongezwa baadaye. Watu weusi wa ulimwengu mzima wanabanwa kwenye vyumba viwili. Ukimpa mtengenezaji skeli hiyo umempa sababu ya kuishia palepale alipoishia.

Sasa kwa barua yenyewe. Dada, unaomba namba 3 zaidi. Nakusihi usiombe idadi. Ukiomba idadi utapewa idadi. Watachukua hiyo namba 14, watazidisha nyeusi mara tatu, utapata 15, 16 na 17, zote kijivu, kila moja kijivu kuliko mwenzake. Nimewahi kutumwa kufanya hivyo hivyo, kwa hiyo najua jinsi inavyotokea. Kiwanda kina mchanganyiko mmoja wa msingi ambao tayari una nyeupe ndani yake, kwa sababu ulibuniwa kwa namba 3 au 4. Ukifika namba za giza, mtu anaona ni rahisi kuacha ile nyeupe humo na kumwagia nyeusi mpaka giza lifike. Nyeusi juu ya nyeupe ni kijivu, hata mpaka rangi wa nyumba anakwambia.

Njia ya kweli ni kuitoa nyeupe kwanza. Nikupe mfano wa vipimo, si siri ya mtu. Kwenye gramu 100 za faundesheni ya mtu mweupe, unga wa rangi ni kama gramu 10, na 8 kati ya hizo ni nyeupe. Kwa bibi harusi wako wa Mbagala ningeanza na nyeupe nusu gramu au sifuri, nyekundu 4, njano 3, nyeusi 1 na ushee. Nyekundu na njano zinafunika ngozi vizuri zenyewe, hazihitaji nyeupe izibebe. Pakihitajika giza zaidi, wapo wanaotumia buluu ya altramarini badala ya sehemu ya nyeusi, maana inatia kina bila kuzima rangi. Mkemia Balanda Atis wa L'Oréal anajulikana kwa kazi hiyo hasa.

Swali kwako: chupa imeandikwa kinga ya jua?

Mpambaji wa Tabata

Imeandikwa SPF 20. Kuhusu poda, Picha na Mwanga, umenishika. Nilitumia hiyohiyo poda nyeupe laini. Ukijivu niliuona kwa macho kwenye namba 14. Kwenye namba 13, nikisema ukweli, niliuona baada ya kupaka poda. Nitarudia jaribio.

Fundi wa Maabara

Basi geuza chupa usome viambato. Angalia kama titaniamu daioksaidi imetajwa mara mbili: mara moja juu kwenye orodha kwa jina lake, na mara nyingine mwishoni kama `CI 77891` baada ya alama ya `+/-`.

Mpambaji wa Tabata

Nimesoma kwa tochi ya simu. Ndiyo, mara mbili. Ya kwanza ni ya tano kwenye orodha. Ya pili iko mwisho na `CI 77491`, `CI 77492` na `CI 77499`. Na kitu kingine ambacho sikuwahi kukiona: namba 2 na namba 14 zina orodha ileile, neno kwa neno.

Fundi wa Maabara

Hapo umeikuta barua yako. Ile ya tano kwenye orodha ndiyo kinga ya jua, na ni unga mweupe. Kwa namba 2 haidhuru kitu. Kwa namba 14 ni kama kumwaga chokaa kwenye kahawa kila asubuhi, kisha kujiuliza kwa nini kahawa imepauka. Zile chembe zake zikiwa ndogo sana weupe unapungua, lakini kwenye ngozi nyeusi bado unaonekana.

Na ile alama ya `+/-` maana yake ni kwamba rangi hizi zinaweza kuwemo au zisiwemo, kwa hiyo orodha moja inabandikwa kwenye namba zote. Hawajavunja utaratibu. Lakini mnunuzi hawezi kujua kwa viambato kama chupa aliyoshika ina wekundu au ina kijivu. Kinachobaki cha kumwambia ni lile neno moja la mbele, Joto au Kati. Ndiyo sababu neno hilo lisiposema kweli, hana pa kukimbilia. Liseme hilo kwenye barua kabla ya jambo jingine lolote.

Jaribio la kukusaidia: chukua kisosi cheupe na faundesheni nyeupe kabisa ya kuchanganyia, iwe ya silikoni kama faundesheni yako ni ya silikoni, la sivyo itakatika kama ilivyokukatikia Mbagala. Tone 1 la namba 14 kwa matone 10 ya nyeupe. Koroga kwa kijiti. Fanya hivyo kwa 12, 13 na 14, weka mistari sambamba, angalia dirishani saa nne asubuhi, jua lisipige moja kwa moja. Rangi ya giza huficha asili yake, ukiipauza inajitaja. Onyo ni moja: oksidi nyeusi ikipauzwa ina ubuluu kidogo, kwa hiyo hata namba nzuri ya giza itaonekana imepoa. Usiihukumu peke yake, ilinganishe na jirani zake.

Duka la Kariakoo

Nawasoma tangu asubuhi. Mimi ndiye ninayewauzia wapambaji, na nitasema ambalo hamtapenda kulisikia. Katoni inakuja na chupa 12 za namba moja. Namba 5, 6 na 7 zinaisha kwa wiki mbili. Namba 14 nilichukua katoni mwaka juzi, chupa 7 bado ninazo na tarehe imebaki miezi minne. Mkimwambia mtengenezaji aongeze namba za giza, ataniletea mimi, na hasara itakuwa yangu. Sina ubaya na ngozi nyeusi, na mimi mwenyewe ni mweusi. Nasema hesabu.

Mpambaji wa Tabata

Kaka yangu, nakuheshimu, na chupa zangu nyingi zimetoka kwako au kwa majirani zako. Lakini namba 14 haijabaki kwa sababu watu weusi hawanunui. Wanaijaribu mkononi dukani, wanaona majivu, wanairudisha. Wateja wangu weusi wanakwenda kununua namba 11, inawapausha kidogo, lakini angalau haiwafanyi waonekane wagonjwa. Kwa hiyo kwenye daftari lako mauzo yao yanaonekana kwenye namba 11.

Duka la Kariakoo

Inawezekana. Namba 11 kweli inakwenda. Lakini sitaagiza katoni kwa "inawezekana". Waambie kwenye barua hiyo walete katoni mseto, chupa 2 za kila namba ya giza, pamoja na testa. Bila testa siweki rafuni.

Neema Harusi Desemba

Samahani naingilia, mimi si mpambaji, ni bibi harusi mtarajiwa. Ngozi yangu ni nyeusi lakini ina umanjano fulani, na kila mpambaji anayenijaribu anatoka na uso mwekundu kama tofali. Nikisema sipendi naambiwa "weusi wote wana wekundu chini". Fundi, hiyo ni kweli?

Fundi wa Maabara

Si kweli, dada Neema. Kuna mweusi wa wekundu, kuna mweusi wa njano, na kuna ambaye huwezi kumweka upande wowote. Wengine wanasema upo pia wa ubuluu. Mimi nimepima wachache tu wa aina hiyo, sitaapa. Hilo tofali lako linatokea pale mtu anapokimbia kijivu kwa kumwaga nyekundu bila kipimo.

Na hapa nirudi kwenye lebo. Nadhani maneno "joto" na "baridi" ndiyo chanzo cha uongo, hata pale ambapo hakuna aliyekusudia kudanganya. Kwenye ngozi nyeupe watu wanasema njano ni joto, waridi ni baridi. Ukifika kwenye weusi, wekundu wa mninga ni joto au ni baridi? Mmoja atakwambia joto kwa sababu ni kama moto, mwingine baridi kwa sababu si njano. Ona kampuni ya vipodozi ya MAC: NC yao huwafaa wenye umanjano, NW huwafaa wenye uwaridi na wekundu, wakati C ni ya baridi na W ni ya joto. Wao wana maelezo yao na wapambaji wamezoea, lakini mgeni anakwama. Kwa hiyo nisingeomba "joto la kweli". Ningeomba wataje rangi yenyewe: njano, nyekundu, kati.

Kijana wa Rangi

Kwenye kozi tulifundishwa mishipa ya mkono: ikiwa ya kijani wewe ni joto, ya buluu ni baridi. Si ingetosha?

Mpambaji wa Tabata

Mdogo wangu, bibi harusi wa Mbagala ukimshika mkono huoni mshipa wowote. Mbinu hiyo ilitengenezwa kwa mtu ambaye mishipa yake inaonekana. Mimi natazama shingo na kifua mlangoni, nalinganisha na kipande cha khanga nyeupe. Sisemi ni sayansi, lakini imenikosesha mara chache.

Mpambaji wa Tabata

Nimerudi na majibu, nimefanya jana na leo.

Kisosi kwanza. Namba 12 iliyopauzwa imetoa rangi ya papai lililoiva nusu. Namba 13 imetoa waridi iliyofifia. Namba 14 imetoa saruji mbichi. Nimerudia mara tatu, na mara ya tatu nimemwita jirani ambaye hajui chochote kuhusu mekapu, nikamwambia ataje rangi. Amesema papai, waridi, jivu.

Kisha nilimwomba yule bibi harusi wa Mbagala, sasa ni mama mwenye nyumba yake, anikubalie uso wake. Namba 13 upande wa kulia na 14 upande wa kushoto, kila upande nusu na poda, nusu bila. Tukasubiri dakika 20 nje kwenye kivuli. Bila poda, namba 13 ni nyeupe kwake lakini si kijivu hata kidogo. Yenye poda ni kijivu. Namba 14 ni kijivu kotekote. Kwa hiyo namba 13 nilikuwa nimeisingizia, na kosa lilikuwa la poda yangu. Picha na Mwanga, nashukuru sana, ningetuma uongo kwenye barua inayoomba watu waseme kweli.

Nimeiandika upya sehemu ya katikati hivi:

"Namba 14 imeandikwa Joto. Nimepauza namba 12, 13 na 14 kwa faundesheni nyeupe, tone 1 kwa 10, na nimeambatanisha mistari hiyo kwenye karatasi. Namba 12 inaelekea njano ya papai na 13 inaelekea waridi. Namba 14 haielekei popote, ni kijivu. Usoni inatoa matokeo hayohayo bila poda juu yake, baada ya dakika 20, kwenye mwanga wa mchana.

Viambato vya namba 2 na namba 14 vimeandikwa sawa, na kinga ya jua ya titaniamu imo kwenye zote mbili. Nadhani namba 14 imejengwa juu ya msingi wa namba nyeupe. Kama nimekosea naomba mnisahihishe. Kama sijakosea, naomba namba za giza zipate msingi wake usio na unga huo mweupe, hata kama itabidi SPF 20 iondolewe kwenye chupa hizo. Siombi idadi. Mkirekebisha 14 na kuongeza moja nyeusi kuliko hiyo yenye wekundu na moja yenye njano, nitakuwa na pa kuanzia bila kuchanganya.

Kwenye lebo naomba mwache Joto na Baridi, mtaje rangi: Njano, Nyekundu, Kati. Orodha ya viambato haimwambii mnunuzi chupa aliyoshika ina nini. Neno hilo moja ndilo pekee analolitegemea. Naomba pia katoni mseto na testa, kwa sababu duka haliwezi kubeba chupa 12 za namba ambayo wateja wake wamezoea kuikataa."

Fundi wa Maabara

Nzuri. Neno "nadhani" liache hapohapo, usilitoe. Hujaiona karatasi yao ya vipimo, na mkemia akisoma barua ya mtu anayejua mpaka wa anachokijua, anaendelea kusoma. Ila jiandae kwa jibu la SPF. Wakiitoa kinga ya jua, bidhaa inakuwa nyingine kwenye makaratasi, na kuna vipimo vya kurudia. Wanaweza kukujibu kwamba watatumia kinga isiyo ya unga. Hiyo haipaushi, lakini wengine inawawasha macho. Sijui ningechagua ipi.

Neema Harusi Desemba

Mimi SPF nisingependa itolewe. Harusi yangu ni ufukweni.

Picha na Mwanga

Kwa ufukweni jipake kinga ya jua yenyewe kwanza, faundesheni juu yake. Kiasi cha faundesheni mtu anachopaka usoni ni kidogo mno kufikia hiyo 20 iliyoandikwa. Mimi naunga mkono itolewe, flashi yangu itapumzika.

Duka la Kariakoo

Dada wa Tabata, hizo chupa 7 za namba 14 nilizobakiza, naweza kukupa moja ufanyie majaribio yako bila malipo. Na wakileta hiyo yenye njano kwa chupa mbili mbili na testa, nitaiweka mbele kwa mwezi mmoja. Zaidi ya hapo siahidi.

Mpambaji wa Tabata

Nakuja kesho kuichukua, kaka.

Mama Zuwena, sijakusahau, swali lako lilibaki. Nachukua namba ya kifua, si ya uso wala ya shingo peke yake, kisha naishusha pembezoni mwa uso kwa namba iliyo giza kidogo mpaka viungane. Penye madoa natanguliza rangi ya chungwa iliyoiva, safu nyembamba sana, halafu faundesheni juu. Lakini kwa uso uliochubuliwa sijapata namba moja inayomaliza kazi, kila mtu nafanya upya. Ukija Tabata nitakujaribia mlangoni kwenye mwanga.

Barua inaondoka Jumatatu na mistari yake kwenye karatasi. Wakinijibu nitabandika jibu hapahapa.

Kijana wa Rangi

Hiyo rangi ya chungwa unapaka kabla au baada ya praima?